Bangili Nyekundu za Mama

Mama yangu alikuwa na bangili mbili nene, za kusokotwa kama kamba, na mtaani kwetu Isiolo kila mtu alizijua kwa rangi yake. Zilikuwa nyekundu. Haukuwa wekundu wa damu wala wa udongo. Ulikuwa ule wa chai iliyotiwa maziwa kidogo mno, ukiinua glasi juani. Wanawake waliokuja kununua maziwa ya ngamia kwake walimshika mkono, wakazizungusha, wakasema, "Hii sasa ndiyo dhahabu ya zamani. Siku hizi tunauziwa manjano tu."

Mama aliendelea kumimina maziwa, na bangili ziligongana na mdomo wa mtungi, zikalia ngli, ngli. Nimeandika kurasa nyingi maishani nikisikia sauti hiyo upande wa pili wa ukuta.

Alizipata kwa mama yake. Sisi wajukuu tulimwita akko, kama Waborana wote wanavyomwita bibi. Akko aliyajua maradhi yake yanakompeleka, na hakutaka dhahabu yake ije igombewe. Alikuwa na mabinti wawili tu: mama yangu, na dada yake mkubwa, anayelima vitunguu na mapapai kule Kinna. Katika dini yetu mzazi akimpa mtoto mmoja zawadi, sharti ampe na mwingine vilevile, na akko aliliogopa jambo hilo kuliko alivyoogopa kifo. Akamwita jirani anayeuza ubani. Jirani alikuwa na mizani ndogo ya betri, ya kupimia vipande vya ubani gramu kwa gramu.

Nilikuwa bado shule ya msingi. Naikumbuka mizani ikiwa juu ya mkeka, na akko ameegemea mto, macho hayaoni vizuri lakini vidole vinaona kila kitu. Aliziweka bangili mbili nene. Akaziondoa. Akaweka mkufu, hereni, na bangili mbili nyembamba za manjano.

"Inasema nini?"

"Arobaini na nne," alisema jirani. "Na zile za kwanza pia zilisema arobaini na nne."

"Rudia."

Jirani alirudia. Namba zilikuwa zilezile. Akko alitoa pumzi ndefu, kama mtu aliyefika kisimani. Bangili nene akampa mama, vile vingine akampa dada yake, akawaambia washikane mikono mbele yake.

"Sawa sawa," alisema. "Mungu ni shahidi, na mizani hii."

Mama mkubwa alicheka huku machozi yakimtoka. "Yeye amepata za kuonekana. Mimi nimepata waya."

Utani huo uliishi kuliko akko. Kila mama mkubwa alipokuja kutoka Kinna aliinua mkono wake na kutuonyesha jinsi bangili zake nyembamba zilivyojipinda. Alifungua mifereji ya maji nazo mkononi, akang'oa vitunguu nazo, na kila msimu zilizidi kuwa na umbo la yai. Za mama hazikupinda kamwe. Zilibeba mitungi, zilisugua sufuria, ziligonga milango ya chuma, na zikabaki duara kamili. "Angalia ugumu huo," watu walisema. "Hiyo ni dhahabu." Mama alipotoka jasho zilimwachia alama nyeusi kwenye ngozi ya mkono. Akko alikuwa amesema ni joto la mwili wake, na sisi tuliamini.

Basi mwaka jana mwenye nyumba alitupigia simu. Ni mzee mkulima wa Meru, mtu wa kanisa, mpole, ambaye tumepanga kwake tangu kabla sijazaliwa. Kisha akaja mwenyewe, akavua kofia, akasema habari zenu, akakataa kiti, kisha akakikubali.

"Nimezeeka, mama," alimwambia mama. "Watoto wangu wanataka niuze hiki kiwanja. Kuna mtu wa lojing'i, anayetaka kujenga nyumba ya wageni, amekuja na bei. Lakini wewe umekaa hapa kuliko mimi. Ukiweza bei ileile, ni yako."

Mama aliweza karibu yote. Alikuwa na akiba ya chama, na pesa ya maziwa ya miaka mingi. Mimi niliongeza malipo ya kitabu changu cha kwanza, ambayo kwa ukweli wake yangetosha kununua mlango. Tulilipa kidogo kidogo, na mzee akatusubiri kidogo kidogo, mpaka wanawe wakachoka na kumwekea siku: Ijumaa. Salio likiwa halijafika Ijumaa, angeturudishia pesa zetu, na mtu wa lojing'i angechukua kiwanja.

Mama hakuonekana kuwa na wasiwasi. Jirani mmoja alikuwa ameuza mkufu wake kwa sonara wiki hiyo, na mama alikuwa amemuuliza bei ya gramu. Akaipiga mara arobaini na nne. Kwa hesabu hiyo bangili zingelipa salio lote, na zingebaki pesa za kuezeka jiko mabati mapya.

Mama mkubwa alikuja kutoka Kinna Jumatano asubuhi, maana mama hajui kupatana bei. Ni mtu wa kusema "haya" kabla hujamaliza sentensi. Dada yake anaweza kumfanya muuza mbuzi amlipe yeye achukue mbuzi.

Duka la sonara liko kwenye ujia wa wauza vitambaa, si mbali na msikiti. Ni dogo, lina kioo mbele na wavu wa chuma juu ya kioo. Sonara mwenyewe ni mtu wa makamo mwenye tumbo la furaha, aliyezaliwa hapa hapa na anayeongea lugha zote za sokoni, Kimeru akiongea cha kununulia viazi tu.

"Salaam aleikum," alisema mama.

"Waaleikum salaam, mama zangu. Karibuni. Leo mmekuja kunitajirisha au kunifilisi?"

"Kukufilisi," alisema mama mkubwa, akivuta kiti. "Dhahabu imepanda. Hata mbuzi wa Kinna wanajua."

"Imepanda kweli. Lakini hao mbuzi hawajui kinachopotea nikiiyeyusha."

Mama alivua bangili. Ilimchukua muda, kwa sababu mkono wake ulikuwa umenenepa tangu azivae, na ilibidi nimpake mafuta ya nazi yaliyokuwa juu ya meza kwa kazi hiyo. Zilipotoka, mkono ulionekana kama wa mtu mwingine.

Sonara alizipima kwanza. Arobaini na nne, kama alivyoacha akko. Mama alinitazama, akatabasamu. Kisha sonara alizisogeza kwenye taa, akavaa kile kioo cha jicho moja, akazungusha.

"Hapa kuna muhuri," alisema. "Tatu, saba, tano. Umefutika kidogo."

"Hiyo ni namba ya duka," alisema mama. "Mama yangu alizinunua Nairobi akiwa msichana, kwa pesa ya ndama wake mwenyewe. Alituambia ni namba ya duka."

Sonara aliinama chini ya meza. Alichukua jiwe jeusi, laini, bapa kama kipande cha sabuni, akasugua bangili juu yake mpaka ikaacha mstari mwembamba wa rangi. Akachukua tupa ndogo, akakwaruza mahali pasipoonekana, ndani zaidi, akasugua tena hapo, asije akawa amepima ngozi tu ya juu. Mistari miwili. Kisha akafungua kisanduku cha vichupa vya tindikali, kila kichupa na namba yake, akadondosha tone kutoka kichupa cha ishirini na mbili.

Mstari uliyeyuka tukiutazama. Ulitoka kama ukungu wa asubuhi unavyotoka, bila kelele.

Alijaribu kichupa cha kumi na nane. Ukaondoka. Cha kumi na nne. Ukafifia, ukaondoka. Alipodondosha cha tisa, mstari ulikaa.

"Mama," alisema taratibu, "hii ni karati tisa."

"Tisa ni nzuri?" aliuliza mama.

Ninamshukuru sonara yule mpaka leo kwa jinsi alivyojibu. Hakucheka, wala hakufanya haraka. Alichukua njugu kutoka kwenye kibakuli chake, akahesabu ishirini na nne juu ya kioo.

"Dhahabu tupu, isiyo na kitu kingine, ni hizi zote. Karati ishirini na nne. Lakini hiyo ni laini mno, ukiivaa itakunjika kama ukanda. Kwa hivyo sisi huchanganya. Ile ya kutoka Dubai, nyingi ni ishirini na mbili au ishirini na moja." Alitoa njugu mbili pembeni. "Kwenye ishirini na nne, mbili tu ni shaba na fedha. Sasa yako." Aliondoa njugu nyingi, zikabaki tisa. "Hizi ndizo dhahabu. Hizi kumi na tano ni shaba na vinginevyo. Huo muhuri ndio unasema hivyo. Ukigawa kitu kizima mafungu elfu moja, mia tatu sabini na tano ndiyo dhahabu. Na ndiyo maana ni nyekundu. Hiyo rangi ni ya shaba. Na ndiyo maana haikupinda."

Mama mkubwa aliinuka. "Unataka kusema mama yetu aliibiwa?"

"Hapana, mama. Nairobi waliuza sana tisa, na hata leo wanauza. Muhuri wameuweka wazi, na yeye alilipa bei ya tisa. Hakuna aliyemdanganya. Ni mimi sasa, mimi nalipia njugu hizi tisa tu. Hizi nyingine nikiyeyusha zinaniachia moshi."

"Na ufundi? Angalia ilivyosokotwa!"

"Ni ufundi mzuri sana. Lakini sitaivaa, nitaiyeyusha. Moto hausomi ufundi."

Aliandika bei kwenye kikokotoo, akakigeuza. Ilikuwa chini ya nusu ya ile mama aliyokuwa ameibeba kichwani wiki nzima. Niliona macho yake yakienda kwenye namba, yakarudi kwenye bangili, yakaenda tena. Haikufika kwenye salio. Haikukaribia.

"Jiwe lako linasema uongo," alisema mama mkubwa. Alianza kuvua zake kwa hasira: bangili nyembamba, mkufu, hereni. Akazimwaga juu ya kioo. "Pima na hizi. Kama hizi waya zangu zitakuwa dhahabu, nitajua jiwe lako ni bovu."

"Mama, si lazima."

"Pima!"

Akasugua. Mstari wake ulikuwa wa manjano mazito, kama kiini cha yai la kienyeji. Akadondosha tone la kichupa cha ishirini na mbili, na sote wanne tukainama.

Mstari ulikaa. Haukubadilika hata kidogo. Akasugua kila kitu, kimoja kimoja, mkufu, hereni, na mistari yote ikakaa. Kwenye kifungo cha mkufu alituonyesha muhuri wa tisa, moja, sita. Mafungu mia tisa na kumi na sita katika elfu.

"Hizi zilitoka kwa baba," alisema mama mkubwa polepole. "Ndizo mahari aliyompa ayyo."

Ayyo ni mama, yaani akko. Alizivaa tena moja moja, taratibu, kama vitu vya kuazima.

Mama alizifunga bangili zake kwenye leso. "Asante, ndugu yangu," alimwambia sonara. "Tutafikiria." Akatoka. Tulimfuata kwenye jua, na vumbi la Isiolo lilitupokea kama kawaida yake.

Nyumbani alipika wali kama siku yoyote. Nilimsaidia kukata vitunguu vya dada yake na nikawa na kisingizio cha kulia. Nilikuwa nikiangalia vitu vidogo vya nyumba ile: mahali ambapo sakafu ya saruji imechimbika karibu na mlango, msumari wa kutundikia tasbihi, dirisha langu ambalo halifungi. Nilijua Jumamosi yangeanza kuwa vitu vya mtu mwingine.

"Mungu akitaka tutapata kwingine," alisema mama, akipakua. "Kule Burat, nje ya mji, kuna vyumba."

Mama mkubwa hakuula wali wake. Aliswali alasiri, akakaa juu ya mswala muda mrefu kuliko anavyokaa. Kisha akainuka na kufunga mtandio.

"Inuka, twende."

"Wapi?"

"Kwa sonara. Tukagawane upya."

Mama aliweka sahani chini. "Zawadi haigawanywi mara mbili. Ayyo alinipa kwa mkono wake, nikapokea. Nikashukuru."

"Ayyo hakukupa gramu. Ayyo alitupa sawa sawa. Hivyo ndivyo alivyosema, mbele ya Mungu na ile mizani ya ubani. Mizani ilipima uzito, sisi tukafikiri imepima dhahabu. Sasa nimejua. Unataka nilale vipi nikijua?"

"Ulikuwa hujui."

"Ndiyo, na mchana huu nimejua! Na yeye je? Aliogopa kitu kimoja tu duniani, kumpa mmoja zaidi. Unataka nimwache nalo huko aliko?"

"Bangili hizo umemwahidi binti yako. Harusi yake iko karibu."

"Ataolewa na mkufu. Kwani anaolewa mkono?"

Mama alicheka. Hakutaka, lakini kilimtoka, na kicheko kilipoisha alikuwa analia, na dada yake alikuwa amemshika kichwa kama mtoto. Nilibeba leso yenye bangili. Sikuwa na kazi nyingine ya maana.

Sonara alikuwa anafunga. Mama mkubwa alimwambia anachotaka, naye akakaa tena kwenye kiti chake, akavuta kikokotoo na kujikuna kidevu.

"Miaka yote hii," alisema, "watu huja hapa kugombana. Kuja kusawazishana, hii ndiyo mara ya kwanza."

"Usitupe sifa, piga hesabu," alisema mama mkubwa.

Akapiga. Katika gramu arobaini na nne za mama, alisema, ukiondoa shaba na yote, dhahabu tupu ni gramu kumi na sita na nusu. Katika gramu zilezile arobaini na nne za dada yake, dhahabu tupu ni arobaini na kidogo. Ukijumlisha na kugawa mara mbili, kila mmoja anastahili ishirini na nane na kidogo. Ili wafike hapo, mkubwa ampe mdogo gramu kumi na tatu za hii ya ishirini na mbili.

Mama mkubwa aliziweka bangili zake mbili nyembamba kwenye mizani, zile za umbo la yai. "Zinasemaje?"

"Kumi na tatu na nukta moja."

"Hiyo nukta ni tope la Kinna."

"Na tope nalinunua mimi?"

"Wewe si umesema moto hausomi? Basi na tope hautalisoma."

Sonara alicheka mpaka akavua kioo cha jicho. Alichukua brashi ya meno, akasugua bangili hizo kwa maji ya sabuni, akazikausha, akapima tena. Kisha akapiga bei ya upande wa mama: nene mbili za tisa, nyembamba mbili za ishirini na mbili, kila aina kwa bei yake ya siku ile, akatoa kinachopotea kwenye kuyeyusha na faida yake. Mama mkubwa alimpigania ile faida kwa nguvu zake zote, kwa Kiswahili, Kiborana na kwa kukunja uso, na aliipunguza. Nilitazama namba ya mwisho juu ya bega la mama. Ilivuka salio. Jiko lisingepata mabati mapya, lakini ilivuka.

Mama aliikunja ile leso tupu. Kisha akasema neno lake, "haya", na safari hii dada yake hakumkataza.

Ijumaa baada ya swala mzee wa Meru alikuja na wanawe wawili. Tuliandikiana kwa wakili, tukarudi, na mama akatembea naye kwenye mipaka, kutoka mti wa uzio mpaka mti wa uzio, kana kwamba hajawahi kuiona. Mzee aliomba kwa Kikristo, mama akaitikia amina, na wote wawili waliona sawa kabisa.

Nina marafiki waandishi Nairobi ambao huniuliza kwa nini bado naishi huku, na mimi huwaambia habari ya upepo na utulivu. Ukweli ni mfupi zaidi. Kuna mwanamke wa Kinna ambaye angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemuuliza, si sonara, si mama, si sheria yoyote ya nchi hii. Kila asubuhi ninapokaa kuandika, nakaa juu ya kile ambacho hakukinyamazia, na sijui shukrani ya ukubwa huo huwekwa wapi.

Yeye mwenyewe hakutaka isemwe. Ijumaa ile, mzee alipoondoka, aliingia ndani mikono mitupu kabisa, akafungua mlango mmoja mmoja, akachungulia hadi chumbani kwangu.

"Sasa," alisema, "chumba changu ni kipi?"

"Chumba gani?" aliuliza mama kutoka jikoni.

"Gramu kumi na tatu nimeweka kwenye nyumba hii. Nahesabu ukuta wa huku ni wangu, mpaka dirishani."

"Dirisha halifungi."

"Basi chukueni dirisha, mimi nibaki na ukuta."

"Lala popote unapotaka," alisema mama. "Lakini ukikoroma, nakurudishia tope lako la Kinna."